Barua ya Jina Jipya Mezani kwa Afisa Utumishi

Barua ya mfanyakazi anayeomba jina lake libadilishwe ikifika ofisini, afisa utumishi haanzi kwa kujiuliza jina jipya ni zuri au baya. Anajiuliza kama huyu ni mtu yuleyule. Ana sababu ya kuuliza. Aprili 2017 Serikali ya Tanzania ilitangaza matokeo ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki huohuo uliwafichua wengine waliokuwa wakitumia cheti kimoja watu wawili au zaidi, kila mmoja akidai ndiye mwenye jina lililoandikwa pale. Tangu wakati huo, jina kwenye jalada la ajira lisipolingana na jina kwenye cheti cha shule, afisa hushtuka, awe wa serikalini au wa kampuni binafsi. Anajua kwamba siku ya ukaguzi ataulizwa yeye.

Kwa hiyo barua hii ina kazi moja kubwa, nayo ni kuyafunga majina mawili kwa mtu mmoja, kwa ushahidi ambao afisa anaweza kuuweka kwenye jalada na kuuonyesha baadaye. Barua nyingi ninazoziona hazifanyi hivyo. Hueleza kwa kirefu kwa nini mwandishi amebadili jina, huomba kwa unyenyekevu mwingi, kisha humalizia bila kusema ni kumbukumbu zipi zirekebishwe, kuanzia lini, na kwa hati gani.

Nitafuata mfano mmoja wa Tanzania Bara. Majina ni ya kubuni, lakini hali yenyewe ni ya kawaida kabisa. Zuhura alilelewa na mjomba wake, Hamisi Kipande. Mjomba ndiye aliyempeleka shule, akamwandikisha kwa jina lake, na cheti cha kidato cha nne kikatoka kikisomeka Zuhura Hamisi Kipande. Kwa jina hilo aliajiriwa kuwa msimamizi wa bohari katika kampuni moja ya Dar es Salaam, na amefanya kazi miaka saba. Sasa ameamua kuchukua jina la baba yake mzazi, awe Zuhura Bakari Sultani.

Mtego wa kwanza uko kwenye hati. Watu wengi wakiambiwa "leta kiapo" huenda kwa wakili au mahakamani, wakala kiapo kwamba Zuhura Hamisi Kipande na Zuhura Bakari Sultani ni mtu mmoja, wakagongewa mhuri na kuondoka wakidhani jina limebadilika. Halijabadilika. Kiapo cha namna hiyo kinaeleza tu kwamba mtu mmoja anajulikana kwa majina mawili. Kinafaa pale cheti kimoja kinaposema Mohamedi na kingine Muhammad. Anayetaka kuacha jina la zamani na kutumia jipya anahitaji hati ya kubadili jina, na hiyo ni nyaraka ya aina nyingine. Ndani yake mtu anatamka kwamba ameliacha jina la zamani, kwamba tangu tarehe hiyo atatumia jina jipya katika shughuli zake zote, na kwamba anawataka watu wote wamtambue kwa jina hilo. Huiandika kwa msaada wa wakili, huitia saini mbele ya shahidi, kisha huipeleka kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, aliye chini ya wizara yenye dhamana ya ardhi, kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117. Baadhi ya ofisi hudai pia tangazo kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema kabla ya kulipa nauli ya pili.

Afisa anayejua kazi yake hutambua tofauti kwa kutazama hati mara moja. Kiapo huanza na "mimi ninaapa na kueleza" na huishia kwenye mhuri wa kamishna wa viapo. Hati ya kubadili jina ina maneno ya kuliacha jina la zamani, na nakala iliyokamilika ina mhuri na namba ya usajili. Namba hiyo ya usajili ndiyo inayopaswa kuingia kwenye barua. Bila namba hiyo barua ni maelezo ya mwandishi tu.

Mtego wa pili ni mpangilio wa ofisi. Kampuni ya Zuhura haiwezi kuamua peke yake kwamba yeye sasa ni Sultani kila mahali. Mshahara unakwenda benki, kodi inakwenda TRA, michango inakwenda NSSF, na kila upande una kumbukumbu zake. Chanzo kinachoaminika kuliko vyote kwa sasa ni NIDA. Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa ni tarehe ya kuzaliwa, na jina likirekebishwa namba hubaki ileile. Jina likishakaa sawa NIDA, ofisi nyingine humsoma mtu kupitia namba hiyo, na ubishi hupungua sana. Ukienda benki kwanza ukaiacha NIDA na jina la zamani, benki itakurudisha.

Je, Zuhura asubiri NIDA wamalize ndipo amwandikie mwajiri? Kwa maoni yangu asisubiri, ila barua igawe ombi katika hatua mbili. Yapo mambo ambayo kampuni inaweza kuyafanya yenyewe mara tu hati iliyosajiliwa inapowasilishwa: kitambulisho cha kazi, anwani ya barua pepe, orodha ya simu za ofisini, jina kwenye fomu za likizo. Yapo mengine, hasa mshahara na michango, ambayo yanapaswa kubadilika pamoja na upande wa pili. Orodha ya mishahara ikisema Sultani huku akaunti ya benki bado ni ya Kipande, benki inaweza kuirudisha fedha kwa sababu jina na akaunti haviendani. Mwezi huo Zuhura atalala bila mshahara, na hakuna aliyekosea isipokuwa mpangilio.

Barua yake inaweza kusomeka hivi:

Zuhura Bakari Sultani
(zamani Zuhura Hamisi Kipande)
Namba ya mfanyakazi: …
Dar es Salaam
3 Machi 2025

Meneja Rasilimali Watu,
(Jina na anwani ya kampuni)

YAH: KUREKEBISHA KUMBUKUMBU ZANGU ZA AJIRA KUFUATA JINA JIPYA LA KISHERIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwajiriwa wa kampuni hii, kitengo cha bohari, tangu Machi 2018. Niliajiriwa kwa jina la Zuhura Hamisi Kipande. Kwa hati ya kubadili jina niliyoitia saini tarehe … na kusajiliwa na Msajili wa Hati kwa namba …, jina langu la kisheria sasa ni Zuhura Bakari Sultani. Namba yangu ya Utambulisho wa Taifa, namba ya mlipakodi, namba ya uanachama wa NSSF na tarehe yangu ya kuzaliwa hazijabadilika.

Naomba kuanzia sasa jina jipya litumike kwenye jalada langu, kitambulisho cha kazi, barua pepe na orodha zote za ndani. Kwa upande wa mshahara, kodi na michango ya NSSF, naomba jina libadilishwe katika mwezi ambao nitawasilisha uthibitisho wa NIDA na wa benki. Mpaka hapo malipo yaendelee kwenye akaunti yangu ya sasa kwa jina la zamani.

Naomba pia taarifa za maandishi za ajira yangu zirekebishwe na nipewe nakala. Mkataba wa awali na kumbukumbu za miaka iliyopita zibaki kama zilivyo, hati ya kubadili jina ikiambatishwa kwenye jalada.

Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la zamani na kitaendelea kuwa hivyo.

Nimeambatisha nakala ya hati iliyothibitishwa. Hati halisi ninayo kwa ukaguzi.

Wako katika kazi,
(saini)
Zuhura Bakari Sultani

Barua ni fupi, na haisemi chochote kuhusu mjomba wala baba. Nadhani hilo ni sahihi. Afisa hahitaji kujua kama mtu amebadili jina kwa sababu ya malezi, dini, ndoa, talaka au ugomvi wa ukoo. Sababu ikiingia kwenye jalada itasomwa na kila atakayelifungua jalada hilo kwa miaka mingi, na haiongezi hata chembe moja ya ushahidi. Ofisi ikisisitiza kuuliza, jibu lenye adabu ni kwamba hati iliyosajiliwa inajitosheleza.

Sentensi inayobeba uzito mkubwa kuliko zote ni ile ya namba ambazo hazijabadilika. Jina limebadilika, lakini tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, namba ya mlipakodi na namba ya NSSF zimesimama palepale, na hizo ndizo zinazomjibu afisa kwamba huyu ni mtu yuleyule. Mwandishi aziandike namba zenyewe kwenye kiambatisho badala ya kuzitapanya kwenye barua, kwa sababu barua hupitia mikono mingi kabla ya kufika kwenye kabati.

Sentensi kuhusu cheti cha shule nayo ina kazi yake. Wengi huikwepa wakitumaini hakuna atakayegundua tofauti. Ni afadhali kuitaja mwenyewe. Mkaguzi akikuta miaka mitano baadaye jalada la Sultani lina cheti cha Kipande, na hakuna maelezo, anaanza na dhana ya kughushi. Akikuta barua yenye tarehe, iliyosema wazi kwamba tofauti hiyo ipo na hati ya kuieleza ni hii hapa, hana la kuanzisha.

Kisha kuna ombi ambalo waombaji wengi hulikosa: kwamba ya zamani yabaki. Mtu akiwa na furaha ya jina jipya hutaka lile la zamani lifutwe kila mahali. Ofisi isiyo na uzoefu inaweza kumkubalia, ikachapa upya mkataba wa 2018 kwa jina la 2025 na kumtaka atie saini. Hilo ni kosa, hata likifanywa kwa nia njema. Mkataba wa 2018 ulisainiwa na mtu aliyekuwa akiitwa Kipande siku ile, na ukiandikwa upya unakuwa nyaraka ya uongo yenye tarehe ya uongo. Njia safi ni kuacha mkataba ulivyo na kuongeza ukurasa mmoja wa marekebisho unaosema kwamba mwajiriwa aliyetajwa kwa jina la Kipande sasa anaitwa Sultani, masharti mengine yote yakibaki. Orodha za mishahara za nyuma na kodi iliyokwisha kulipwa nazo haziguswi.

Sheria inamsaidia mfanyakazi hapa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa taarifa za maandishi za ajira yake, na jina ni miongoni mwa vitu vya kwanza vinavyotajwa pale. Kifungu hichohicho kinasema kwamba jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri, kwa kushauriana na mwajiriwa, atazirekebisha taarifa hizo na kumjulisha kwa maandishi. Ndiyo maana barua ya Zuhura inaomba nakala. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka anayehifadhi taarifa za watu ahakikishe ni sahihi, na inayompa mwenye taarifa haki ya kuomba zisahihishwe. Sioni haja ya kuvitaja vifungu hivyo kwenye barua ya kwanza. Afisa akisomewa sheria kabla hajakataa kitu huona ameshambuliwa. Viwekwe akiba kwa barua ya pili, ikibidi.

Sasa tuje kwenye hasara kubwa kuliko zote, ambayo haionekani kwa miaka. Afisa mpya anapokea barua, anafungua mfumo wa NSSF kuandaa michango ya mwezi, anaona Kipande na hajui namna ya kubadili jina. Anachagua njia rahisi: anamwandikisha Sultani kama mwanachama mpya. Michango inaanza kwenda kwenye namba mpya na kila mtu anaridhika, kwa sababu makato kwenye hati ya mshahara yanaonekana vilevile.

Ili kupata pensheni ya uzee NSSF, mwanachama anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180. Zuhura amechangia miaka saba kwa jina la Kipande, yaani miezi 84. Tuseme atachangia miaka mingine kumi kwa jina la Sultani, yaani miezi 120. Jumla yake ni miezi 204, na sharti limetimia kwa ziada. Lakini michango ikigawanyika kwenye namba mbili, akaunti moja ina 84 na nyingine ina 120, na hakuna hata moja inayofika 180. Fedha hazijapotea na namba zinaweza kuunganishwa, ila mwenye kuziunganisha atakuwa mtu wa miaka 60 anayetafuta mwajiri ambaye pengine ameshafunga kampuni, akimwomba athibitishe jambo ambalo barua moja ingelimaliza. Kwa sababu hiyo maneno ya barua kwamba namba ya uanachama wa NSSF haijabadilika ni maelekezo kwa mtu wa mishahara kwamba asifungue nyingine. Zuhura naye aende NSSF mwenyewe na hati yake, arekebishe jina upande wa mfuko, asiliachie kampuni jambo hilo peke yake.

Upande wa familia husahaulika vilevile. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa Zuhura vinamtaja mama kwa jina la Kipande. Fomu yake ya wategemezi pale kazini ina watoto hao. Akifariki akiwa kazini, anayefuatilia mafao atakuja na cheti cha kifo cha Sultani na vyeti vya watoto wa Kipande, na atarudishwa mpaka apate uthibitisho kwamba ni mama mmoja. Nakala ya hati ya kubadili jina ikiwa imeambatishwa kwenye fomu ya wategemezi, na nyingine ikiwa nyumbani mahali ambapo mtu mwingine anapajua, safari hizo hazipo.

Kwa mtumishi wa umma mambo hubadilika kidogo. Mwalimu wa halmashauri haandiki moja kwa moja kwa afisa utumishi. Huandika kwa mkurugenzi mtendaji, na barua hupitia kwa mkuu wa shule, ambaye huweka maoni yake na saini. Namba ya kutaja kwanza ni cheki namba, kwa sababu ndiyo inayomtambulisha kwenye mfumo wa mishahara ya Serikali, na mfuko wake ni PSSSF. Halmashauri haina mamlaka ya kumaliza jambo hilo yenyewe, kwa hiyo subira ya mwalimu lazima iwe ndefu kuliko ya Zuhura, na nakala ya kila barua iliyopelekwa ngazi ya juu ni mali yake ya kuitunza.

Aliyeolewa na kutaka kutumia jina la mume huwa na njia nyepesi, kwani ofisi nyingi hukubali cheti cha ndoa kama hati ya kuonyesha jina lilikotoka. Lakini hilo ni kwa jina la mwisho tu. Akitaka kubadili na jina la kwanza, anarudi kwenye hati iliyosajiliwa kama watu wengine.

Namna ya kuipeleka barua si jambo la kupuuza. Ichapwe nakala mbili. Moja ibaki masijala, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mwombaji arudi nayo. Hati halisi aionyeshe, ilinganishwe na nakala mbele ya macho yake, kisha arudi nayo nyumbani siku hiyohiyo. Ofisi inayotaka kubaki na hati halisi "kwa siku mbili tatu" ikataliwe kwa upole, kwa sababu hati hiyo bado inahitajika NIDA, TRA, benki na NSSF. Na barua ifike mapema katika mwezi. Ofisi nyingi hufunga orodha ya mishahara siku kadhaa kabla ya tarehe ya malipo, na badiliko lililoletwa baada ya hapo husubiri mwezi unaofuata.

Baada ya miezi mitatu Zuhura aweke vitu vitatu mezani: hati ya mshahara, taarifa ya michango ya NSSF na ule ukurasa wa marekebisho ya ajira. Jina liwe moja kwenye vyote vitatu, na namba ya NSSF iwe ileile ya 2018. Kimoja kikiwa bado na Kipande, au namba ikiwa ngeni, aandike barua ya pili, ataje tarehe ya mhuri wa ile ya kwanza, na safari hii kifungu cha 15 akitaje kwa namba yake.